Jipu lenye kitundu kinachopumua: ni buu wa nzi, na hivi ndivyo anavyotolewa

"Daktari, tulikwenda Muleba msibani, mimi na mwanangu wa mwaka mmoja na miezi minne. Jumamosi nilifua nguo, nikazianika kwenye majani chini ya migomba kwa sababu kamba ilikuwa imejaa. Jumatatu mtoto akavaa nepi ya kitambaa na suruali katika zile nguo. Jumatano akatoka vipele makalioni, na leo Jumanne vimekuwa majipu manne, kila moja lina kitundu katikati kinachotoa majimaji. Usiku analia na kujikuna. Mimi kanga niliifunga Alhamisi, Jumamosi kikanitoka kimoja kiunoni. Tumesharudi Dar es Salaam, duka la dawa walinipa amoksilini ya maji, leo siku ya nne na sioni nafuu. Jirani anasema nidondoshee mafuta ya taa. Mama mkwe anasema niache yaive. Shangazi anasema tumetupiwa kitu pale msibani. Jana nilimulika kwa tochi ya simu nikaona kitu kinacheza ndani! Je, mtoto ameniambukiza? Kinaweza kupanda kichwani? Na nguo nyingine bado ziko kwenye begi, nizifanyeje?"

Mama, hicho ulichokiona kikicheza ni buu wa nzi, na macho yako hayakukudanganya. Mtoto ana mabuu wanne, kila kitundu na buu wake, nawe una mmoja. Hawapandi kichwani, hawaingii kwenye damu, hawatagi wala kuzaana ndani ya mwili. Kila mmoja anakaa palepale alipoingilia, chini kidogo ya ngozi, na akikomaa anatoka mwenyewe kwa sababu maisha yake yaliyobaki yako kwenye udongo. Nimeanza na hilo ili upate pumzi, maana najua kilichokuwa kikikuzuia kulala ni hofu kwamba kitu hicho kinasafiri ndani ya mtoto.

Nzi mwenyewe wengi humwita nzi wa maembe, na ukitaka kuona picha zake mtandaoni andika Cordylobia anthropophaga. Ni mkubwa kidogo kuliko nzi wa nyumbani, rangi yake ni ya kahawia inayoelekea manjano. Yuko sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, hasa penye joto na unyevu. Huyu nzi hamuumi mtu na hatagi mayai kwenye ngozi, ndiyo maana hakuna mmoja wenu anayekumbuka kuumwa na chochote. Wala hukuyapata kwa kula embe. Jike hutafuta mchanga au udongo mkavu kivulini, hasa mahali palipoingia mkojo au kinyesi cha mnyama, akataga humo mayai mia moja hadi mia tatu. Asipopata udongo, nguo yenye unyevunyevu iliyoanikwa kivulini inamtosha kabisa, na ikiwa na harufu ya mkojo au jasho iliyobaki kidogo ndiyo humvutia zaidi. Jua kali hulikwepa. Huruka zaidi asubuhi mapema na alasiri jua likishapoa. Sasa fikiria nguo zako: zimelowa, ziko juu ya majani, chini ya migomba, na humo zimo nepi.

Mayai huanguliwa baada ya siku moja hadi tatu. Wanaotoka ni mabuu wadogo mno, si rahisi kuwaona kwenye kitambaa. Wanajificha kwenye mishono na kusubiri, na wanaweza kukaa hivyo bila kula hata siku kumi na tano. Wanapohisi joto la mwili na mtikisiko wanaamka, wanashika ngozi na kutoboa. Kazi hiyo huchukua muda mfupi sana, mara nyingi haifiki hata dakika moja, na haiumi. Ngozi haihitaji kuwa na kidonda, wanapita kwenye ngozi nzima.

Hapo ndipo jibu la swali lako la kuambukizwa lilipo. Mwanao hakukuambukiza. Nguo zenu zilianikwa pamoja Jumamosi ileile. Yake ilivaliwa Jumatatu, yako ikasubiri hadi Alhamisi, na buu aliyekuwa kwenye kanga yako alisubiri nayo. Mabuu hawahami kutoka mwili mmoja kwenda mwingine, hata mkilala kitanda kimoja. Na kuhusu shangazi, mwambie kwa upole kwamba yeyote ambaye angevaa nguo zile angepata yaleyale, hata mgeni asiyejulikana na mtu pale msibani. Ukipiga simu Muleba ukauliza, sitashangaa ukiambiwa wapo wengine walioanika pale na sasa wanajikuna.

Twende kwenye kalenda, kwa sababu matibabu yote yanaitegemea. Buu akishaingia huhitaji kati ya siku nane na kumi na mbili kukomaa. Siku mbili tatu za kwanza ni kipele chekundu kinachowasha, mfano wa alama ya mbu. Kufika siku ya sita hivi uvimbe unakuwa mkubwa na mgumu, wenye kitundu cheusi katikati, na kinatoka kimiminika cheupe au chenye damu kidogo. Mgonjwa huhisi kitu kikitekenya, kikichoma kwa kushtukiza kisha kikitulia, na usiku huwa zaidi. Mwishoni buu anakuwa na urefu wa sentimita moja na nusu hivi, mnene, rangi ya maziwa, amefunikwa na vimiba vidogo vyeusi. Mwanao aliingiwa Jumatatu, kwa hiyo leo ni siku ya nane na mabuu wake wanakaribia kutoka. Wako ameingia Alhamisi, leo ni siku ya tano tu, bado ni mdogo. Msishughulikiwe kwa namna moja.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha si jipu la kawaida. Jipu la bakteria linauma kwa kupwita, lina joto, likiiva linatunga usaha mzito wa manjano, na halina kitu kinachotembea. Hapa chukua tochi yako ya simu na mtu wa kukushikia mtoto. Safisha uvimbe kwa maji na sabuni, ukaushe, kisha weka tone moja la maji safi juu ya kitundu. Tulia uangalie. Ukiona viputo vidogo vinatoka, au ncha ndogo inachomoza kisha inazama ukisogeza kidole, una jibu. Kwenye ncha hiyo, ukiangalia kwa karibu, kuna madoa mawili meusi yaliyokaa sambamba. Watu hudhani ni macho. Hayo ni matundu yake ya kupumulia, na yako upande wa nyuma. Buu amekaa kichwa chini akila, mkia juu akivuta hewa.

Ukilielewa hilo la mkia, mengine yote yanafuata. Amoksilini haikuleta nafuu kwa sababu inaua bakteria, na huyu ni mdudu. Inahitajika tu pale kidonda kinapoingiwa na bakteria, na hapo ni mhudumu wa afya anayemwona mtoto ndiye atakayeamua dawa ipi na kwa siku ngapi. Usinunue chupa ya pili kwa kukisia. Hiyo uliyoanza, ipeleke utakapokwenda kituoni, uwaonyeshe na uwaulize kama aendelee.

Kuminya kwa nguvu nako hushindikana kwa sababu hiyohiyo. Vile vimiba vyake vimemzunguka na humsaidia kujishikilia kwenye nyama, na ukimkandamiza kabla hajalegea, anajikaza zaidi. Ukizidisha nguvu anapasuka ndani. Buu aliyepasuka ndiye anayetuletea kazi kubwa: majimaji yake na mabaki ya mwili wake huufanya uvimbe uwake, ukue, uume, na mara nyingi hufuatiwa na usaha wa kweli. Ndiyo maana nakuomba usiminye kwa hasira wala kuchokonoa kwa sindano, hata kama mtoto analia.

Na mafuta ya taa? Jirani yako amepata nusu ya jambo. Ni kweli buu akifungiwa hewa anahangaika. Lakini mafuta ya taa huunguza ngozi, na ngozi ya makalio ya mtoto aliyevaa nepi ni laini, imefunikwa, hayakauki upesi. Isitoshe, mtoto anaweza kuyashika akatia mkono mdomoni, na mafuta ya taa yakiingia mapafuni yanaweza kumuua. Chupa hiyo iondoe kabisa chumbani. Sigara, wembe, maji ya betri na majivu ya moto navyo nimeona alama zake kwenye ngozi za watu, na alama hizo hudumu miaka baada ya buu kusahaulika.

Kinachofanya kazi ni mafuta mazito yasiyodhuru: vaselini, au mafuta yoyote ya mgando ya kujipaka. Kijijini hata samli au mafuta ya kupikia yaliyoganda yanafaa. Yawe mazito, kwa sababu mafuta mepesi ya maji huteleza na kuacha kitundu wazi. Nitakueleza unavyoweza kujifanyia wewe mwenyewe kiunoni, kisha nitasema kwa nini mtoto namtaka kituoni.

Osha mikono kwa sabuni, safisha uvimbe, kisha pakaza vaselini juu ya kitundu, bonge nene kama unene wa sarafu mbili zilizobebanishwa, lifunike uvimbe wote. Usilisambaze likawa jembamba. Kaa nusu saa. Wengine huanza kuchomoza baada ya dakika kumi, wengine hutaka zaidi ya hapo, na ukiona vaselini imeyeyuka kwa joto la mwili ongeza nyingine. Muda wote huo utamhisi akijipindapinda, usiogope. Anatafuta hewa, na anatanguliza mkia. Ukiona ncha imetoka juu ya ngozi na imebaki pale bila kuzama, hapo ndipo mikono inafanya kazi.

Weka vidole gumba viwili, kimoja kila upande wa uvimbe, nje kidogo ya ukingo wake, si juu ya kitundu. Kandamiza kwanza kwenda chini, kana kwamba unataka kumshika kwa chini, halafu ndipo uvisogeze vidole kukutana. Nguvu iwe ya polepole na isiyokatika. Buu aliyekomaa hutoka mzima kwa kuteleza. Ikiwa nusu yake imetoka na imekwama, tumia kibano kisafi kilichochemshwa, mshike mahali panene, umvute taratibu huku kidole cha mkono wa pili kikiendelea kukandamiza. Usimvute kwa ncha, itakatika.

Akishatoka mwangalie vizuri. Awe mzima, bila kuvuja. Mtumbukize kwenye maji yanayochemka. Usimtupe bustanini, kwa sababu udongo ndio anaoutafuta: humo hujigeuza kuwa nzi baada ya siku kumi hadi ishirini. Shimo lililobaki litatoa damu kidogo na majimaji, hiyo ni kawaida. Lioshe kwa maji mengi na sabuni, lipake dawa ya kuua vijidudu uliyo nayo, funika kwa bandeji nyepesi, na endelea kuosha kila siku. Muwasho na ule mtekenyo hupungua siku hiyohiyo. Kidonda hufunga ndani ya wiki moja hadi mbili, na doa jeusi linaweza kubaki miezi kadhaa kabla halijafifia.

Sasa, wako ana siku tano. Ukipaka leo anaweza kuchomoza, lakini bado ni mwembamba na vidole havitampata vizuri. Ushauri wangu ni usubiri hadi Alhamisi au Ijumaa, siku ya saba au ya nane, ndipo upake. Hapo mama mkwe wako ana hoja, naye ameshaona mengi: kuacha akomae kunarahisisha kumtoa. Ninachomwongezea ni kwamba kuacha kabisa mpaka atoke mwenyewe nako kunawezekana, wapo wengi vijijini ambao hutoka hivyo bila madhara, ila kwa siku zote hizo mtu anajikuna, kucha zinaingiza bakteria, na kidonda kilichokuwa kidogo kinakuwa kikubwa.

Jambo jingine la kuchunga: usibandike plasta ya nailoni juu ya vaselini ukaiacha usiku kucha na kesho yake mchana. Nusu saa, saa moja, hata mawili matatu ukiwa unaangalia, sawa. Akifungiwa hewa muda mrefu anafia ndani, na buu aliyekufa halegei kama aliye hai. Huyo mara nyingi hutolewa kwa kupasuliwa. Ukijaribu mara mbili ndani ya siku moja na hachomozi, futa mafuta, mwache, ujaribu kesho.

Kwa mtoto, nenda leo au kesho kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mabuu wake wako tayari na mama mwenye mkono mtulivu angeweza kuwatoa nyumbani, nalijua hilo. Lakini ni wanne, wako makalioni, na mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne hakai tuli kwa nusu saa wala mara nne mfululizo. Akijigeuza ghafla wakati umekandamiza, buu anapasuka. Kituoni tabibu anaweza kufanya vilevile kwa vaselini, au kumchoma mtoto sindano ndogo ya ganzi chini ya uvimbe. Ile dawa ya ganzi inafanya mambo mawili: inaondoa maumivu, na kimiminika chake kikijaa chini ya buu humsukuma juu atoke. Buu akikataa kabisa kutoka, kitundu hupanuliwa kwa mkato mdogo. Ni shughuli fupi, hahitaji kulazwa.

Ukifika, usiseme tu "ana majipu". Sema: alivaa nguo zilizoanikwa chini kule Muleba, Jumatatu ya wiki iliyopita, na nimeona kitu kinatembea ndani ya kitundu. Nakwambia hivi kwa sababu wahudumu ambao hawajawahi kuona ugonjwa huu huandika jipu na kuongeza dawa nyingine ya bakteria, kama ilivyokutokea dukani. Yanawakuta pia ndugu zetu wanaorudi Ulaya baada ya likizo nyumbani. Wanapita kwa daktari mmoja hadi mwingine wakipewa vidonge, mpaka siku buu anapochungulia mwenyewe. Chukua na kadi ya kliniki ya mtoto. Kama alipata chanjo zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ndani yake imo kinga ya pepopunda, na tabibu ataangalia kama inatosha. Wewe nawe kumbuka ulichomwa lini ya mwisho, pengine ni wakati wa ujauzito, uwaeleze.

Kuna hali ambazo hazisubiri kesho. Mtoto akiwa na homa, akikataa kunyonya au kula, wekundu ukienea kutoka kwenye uvimbe na ngozi ikawa ya moto na ngumu, usaha mzito wenye harufu ukitoka, au mstari mwekundu ukipanda kutoka kwenye kidonda, nenda hospitali usiku huohuo. Vilevile buu akikatika mkononi mwako na nusu ikabaki, usichokonoe kuitafuta, osha, funika, nenda. Na kwa wasomaji wengine: uvimbe ulio kwenye kope au jirani na jicho, utosini kwa mtoto mchanga, kwenye titi au sehemu za siri, usijaribiwe nyumbani kabisa. Mwenye kisukari naye aende kituoni hata kama anaye mmoja tu. Mitoki kuvimba kidogo kinenani ni jambo la kawaida kwa mabuu wa makalioni na pajani, hupungua yenyewe mabuu wakishatoka, ila ikianza kuuma sana waonyeshe.

Wapo wanaochanganya ugonjwa huu na tekenya, yule ambaye jirani zetu wa Kenya wanamwita funza. Tekenya ni kiroboto. Anaingia zaidi kwenye vidole vya miguu na visigino kwa anayetembea peku, na ndani ya uvimbe wake kuna mfuko wa mayai, hakuna kinachojipinda. Kilichowapata ninyi kinakwenda pale nguo inapobana: kiunoni, makalioni, mapajani, kwapani, mgongoni. Ukiona mahali uvimbe ulipo unaweza hata kujua ni nguo gani. Wako umekaa palipofungwa pindo la kanga.

Tuje kwenye begi, na hili lifanye leo kabla hujapika. Usizimwage nguo kitandani. Begi lifungue nje au kwenye sakafu ya saruji, utoe kila kitu kilichofuliwa Muleba, hata taulo, shuka, sidiria na ile mbeleko. Kila kinachostahimili pasi kipigwe pasi yenye moto kweli, pande zote mbili, ndani na nje. Pasi ya mkaa inafaa sawa na ya umeme. Watu wengi hupitisha pasi katikati ya nguo palipo laini na kuacha mishono, ilhali mabuu wako kwenye mishono: pindo, kola, mifuko, mkanda wa suruali, lastiki ya chupi, tabaka za nepi. Simamisha pasi hapo, ibonyeze, hesabu polepole hadi kumi, sogea. Kitambaa kikiwa na unyevu kidogo joto linapenya vizuri zaidi. Mwenye mashine ya kukaushia nguo kwa joto, aitumie hadi mwisho wa mzunguko.

Nguo isiyovumilia pasi, sweta la mtoto kwa mfano au kitambaa chenye nakshi, itie kwenye mfuko wa plastiki, ifunge kwa fundo, andika tarehe, uiweke pembeni wiki tatu. Hesabu yake ni rahisi: yai huchukua hadi siku tatu kuanguliwa, buu asiyepata mwili anakufa ndani ya siku kumi na tano hivi, na zilizobaki ni za usalama. Zile ambazo mtoto ameshazivaa tangu wiki iliyopita nazo zipigwe pasi, kwa sababu mabuu wote hawaamki siku moja. Shuka mlilolalia lifuliwe na kupigwa pasi pia. Godoro la hapo nyumbani halina shida, halikuanikwa Muleba.

Akina mama huniambia, "Lakini mimi nepi nazichemsha." Kuchemsha kunaua kilichokuwemo kabla, na ni vizuri kwa usafi. Nzi anataga baada ya hapo, nepi ikiwa imeshatundikwa na inakauka taratibu kivulini. Kwa hiyo joto linalokulinda ni lile la mwisho, la pasi, baada ya kuanua. Jiki nayo na sabuni yenye manukato hazifuti hatari kwa sababu ileile. Usafi wa mtu haupimwi kwa ugonjwa huu. Nepi iliyofuliwa vizuri kabisa ikianikwa pabaya itapata mayai.

Kama pasi ni shida, kuanika ndiko kutakakowalinda. Nguo ikae juu ya kamba, mbali na majani na mchanga, pale jua linapopiga wima saa za katikati ya mchana. Igeuzwe ndani nje ili mishono ipate jua. Ianuliwe mara inapokauka, isiachwe hadi jua linazama, maana jioni ndiyo saa ya nzi. Msimu wa mvua, nguo inapochukua siku mbili kukauka, anikeni ndani ya nyumba yenye wavu madirishani au chumba kilichofungwa. Majani, ua wa michongoma, mawe yenye mchanga, ukingo wa ukuta ulio kivulini, vyote hivyo havifai, hata kwa kitambaa kimoja cha kufutia jasho.

Na muulize mama mkwe kama kuna mbwa pale nyumbani Muleba na analala wapi. Mbwa na panya ndio wanaowalisha nzi hawa mwaka mzima; mtu huingia njiani tu kwa bahati mbaya. Mara nyingi mbwa analala kwenye mchanga mkavu kivulini, anakojoa jirani, na ni palepale kamba ya nguo inapopita au watoto wanapokaa uchi kucheza. Mkagueni: tumboni, kwenye korodani, masikioni, chini ya mkia, na watoto wa mbwa zaidi, wao huwa na mabuu wengi kwa mpigo. Mabuu wao hutolewa kwa vaselini vilevile, au aitwe mtaalamu wa mifugo. Kisha sehemu anayolala ifagiliwe, mchanga uondolewe, ahamishiwe kwenye ubao ulioinuka. Kamba ya nguo ihamishwe iende juani, na mtakapokwenda tena kwa arobaini chukueni kamba yenu ya pili na vibanio, ili siku ya wageni wengi asiwepo mtu wa kuanika migombani.